Kapsuli ya kamera au enteroskopi ya puto: kipi kitangulie damu inapotoka kwenye utumbo mwembamba?

Mgonjwa anapungukiwa damu. Kinyesi kimekuwa cheusi, kinanata. Ameingizwa bomba la kamera kupitia mdomoni na tumbo halina kidonda. Ameingizwa jingine kupitia njia ya haja kubwa na utumbo mpana ni safi. Kilichobaki katikati ni utumbo mwembamba, mita sita hivi za njia iliyojikunjakunja. Bomba la mdomoni huishia kwenye duodeni, sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo huo, na lile la kolonoskopi huchungulia sentimita chache tu za mwisho wake. Sehemu yote iliyosalia haijaonwa na mtu.

Daktari sasa anataja vipimo viwili. Kimoja ni kapsuli yenye kamera ambayo mgonjwa huimeza. Kingine ni enteroskopi ya puto, yaani bomba refu linalopanda ndani ya utumbo kwa msaada wa puto moja au mawili. Vyote vinatafuta kitu kilekile mahali palepale, ndiyo maana watu hukwama: je, aanze na kipi, na je, kimoja kikifanyika kingine bado kinahitajika?

Kabla ya kuvilinganisha, kuna jambo moja la kuhakikisha. Si mara moja wala mbili ambapo damu iliyodhaniwa inatoka utumbo mwembamba hugunduliwa baadaye kuwa ilikuwa tumboni au kwenye utumbo mpana, ila kipimo cha kwanza hakikuiona kwa sababu mgonjwa hakusafishika vizuri au kidonda kilijificha kwenye mkunjo. Kama vipimo vya mwanzo vilifanyika kwa haraka, au ripoti inasema maandalizi hayakuwa mazuri, au mgonjwa anatapika damu, kurudia kipimo cha kawaida kunaweza kumaliza kazi kabla hujafika kwenye hivi viwili.

Vigezo vya kuamulia

Nitavipima vipimo hivi kwa maswali manne. Kinaona kiasi gani cha utumbo, na kinaona vizuri kiasi gani? Kinaweza kutibu au kuchukua kipande cha nyama kwa ajili ya maabara? Mgonjwa anabeba mzigo gani, kuanzia maandalizi hadi kurudi nyumbani? Na kikienda kombo, kinaenda kombo vipi?

Kuna swali la tano linalovihusu vyote viwili kwa namna moja, kwa hiyo nilimalize hapa: lini? Damu ya utumbo mwembamba hutoka na kukoma yenyewe. Kidonda kinachovuja leo kinaweza kuonekana kama doa lisilo na maana baada ya wiki mbili, au kisionekane kabisa. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Endoskopi ya Mfumo wa Chakula (ESGE) wa mwaka 2022 unashauri kwamba mgonjwa anayetokwa na damu inayoonekana apewe kapsuli mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 48, na enteroskopi ya puto ikihitajika ifanyike ndani ya saa 48 hadi 72. Kwa maoni yangu, kigezo hiki kina uzito kuliko ubishi wa kifaa gani ni bora. Kifaa cha pili kwa ubora, kikitumika damu ikiwa bado inatoka, mara nyingi kitakuambia mengi kuliko cha kwanza kilichosubiriwa mwezi mzima.

Kinaona nini, na kwa umbali gani

Kapsuli ilibuniwa na mhandisi Gavriel Iddan na kuanza kuruhusiwa kutumika mwaka 2001. Ina urefu wa milimita 26 hivi na upana wa milimita 11, na uzito usiofika gramu 4. Inapiga picha mbili hadi sita kwa sekunde na kuzituma kwenye kinasa kilichofungwa kiunoni mwa mgonjwa. Betri hudumu saa nane hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, na mwisho wa siku kuna picha zaidi ya 50,000 ambazo mtaalamu huzipitia kwenye kompyuta, kazi inayoweza kuchukua saa nzima.

Nguvu yake ni upana wa inachokiona. Kwa wagonjwa wengi, takriban wanane au tisa kati ya kumi, hufika mwanzo wa utumbo mpana kabla betri haijaisha, na hivyo inakuwa imepita utumbo mwembamba wote katika safari moja. Hakuna bomba linaloweza kuahidi hivyo.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayeiendesha. Inasukumwa na utumbo wenyewe, inatazama inakogeukia, haiwezi kurudi nyuma kuangalia tena, na haijazi hewa ya kukunjua kuta zilizolaliana. Kwenye duodeni na mwanzo wa jejunamu, yaani sehemu ya juu, hupita kwa kasi sana. Uvimbe uliojificha chini ya ngozi laini ya utumbo mahali hapo unaweza kutokea kwenye picha moja tu, tena pembeni, au usitokee kabisa. Kwa hiyo majibu safi ya kapsuli hayamaanishi kwamba hakuna uvimbe, na hilo ndilo kosa linalowagharimu wagonjwa wenye umri mdogo zaidi kuliko wazee, kwa sababu kwa vijana uvimbe na kasoro za kuzaliwa huchukua nafasi kubwa zaidi miongoni mwa visababishi.

Enteroskopi ya puto ilianza Japani, ambako Hironori Yamamoto alichapisha taarifa ya mfumo wa maputo mawili mwaka huohuo wa 2001. Bomba lenyewe lina urefu wa mita mbili na hupita ndani ya mrija wa nje wa mita moja na nusu kasoro. Katika mfumo wa maputo mawili, kuna puto kwenye ncha ya bomba na jingine kwenye ncha ya mrija. Mfumo wa puto moja una lile la mrija tu.

Unaweza kujiuliza mita mbili zinafikaje ndani kabisa ya utumbo wa mita sita. Jibu ni kwamba bomba haliufuati utumbo, linauvuta kuelekea kwake. Daktari husogeza bomba mbele, akajaza puto la ncha ili lishike ukuta. Kisha hupunguza puto la mrija, akatelezesha mrija hadi uifikie ncha, akalijaza tena. Sasa maputo yote mawili yameshika, na daktari anavuta bomba na mrija pamoja kurudi nyuma. Utumbo hujikunja juu ya mrija kama mkono wa shati unaopandishwa kwenye kiwiko. Halafu puto la ncha hutolewa hewa, bomba linasogea tena mbele, na mzunguko unaanza upya, mara nyingi. Kwenye vituo vingi bomba hujaza gesi ya kabonidayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwa sababu hufyonzwa haraka, tumbo halivimbi sana na bomba linakwenda mbali zaidi.

Kwa njia ya mdomo, safari moja hufika kwa kawaida mita mbili hadi tatu na zaidi kidogo kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa njia ya haja kubwa hupanda mita moja au moja na nusu ndani ya ileamu, sehemu yake ya mwisho. Kuumaliza wote kwa safari moja ni nadra. Ikihitajika, daktari hudunga wino chini ya ngozi ya utumbo mahali alipoishia, na siku nyingine huingia kutoka upande wa pili. Akiukuta wino ule, anajua utumbo wote umeonwa. Asipoukuta, kuna kipande cha katikati kisichojulikana kina urefu gani.

Lakini pale linapofika, bomba huona vizuri kuliko kapsuli. Linasafisha, linakunjua, linasimama, linarudi nyuma. Tafiti zilizolinganisha viwango vya kupata chanzo zimeviweka vipimo hivi karibu sawa, kiasi cha wagonjwa sita kati ya kumi kwa kapsuli na chini yake kidogo kwa puto. Namba hizo peke yake zinapotosha, maana zinaficha jambo muhimu zaidi: bomba likipelekwa baada ya kapsuli kuonyesha kitu, kiwango cha kupata chanzo hupanda hadi karibu robo tatu. Yaani kifaa ni kilekile, ila sasa kinajua kinakokwenda.

Kinaweza kufanya nini kinapokiona

Kapsuli haifanyi chochote. Haikati kipande, haichomi mshipa, haioshi damu iliyofunika ukuta. Inapiga picha na kupita.

Enteroskopi ya puto hufanya karibu kila kinachofanywa na endoskopi ya kawaida. Mishipa midogo iliyotanuka na kuvuja, ambayo kitaalamu huitwa anjioektasia na ndiyo chanzo kikubwa kwa wazee, huchomwa kwa gesi ya agoni inayopitishwa umeme. Kidonda chenye mshipa unaorusha damu hubanwa kwa klipu. Polipu, yaani vinundu vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, hukatwa. Uvimbe huchukuliwa kipande kwenda maabara, na mahali pake hudungwa wino ili daktari wa upasuaji asipoteze saa nzima akipapasa mita sita za utumbo kuutafuta.

Tofauti hii inafanya ulinganisho wenyewe uwe na upungufu kidogo. Tunalinganisha kipimo na kitu ambacho ni kipimo na tiba kwa pamoja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mgonjwa aliye mbele yako liwe hili: tunatafuta kujua, au tayari tunajua kiasi cha kutosha na tunataka kutenda?

Mzigo kwa mgonjwa

Upande wa kapsuli mzigo ni mwepesi. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa wiki moja hivi kabla, kwa sababu huacha rangi nyeusi inayofunika ukuta na kufanana na damu iliyochakaa. Hili husahaulika mno, kwa kuwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu ndiye hasa anayemeza vidonge hivyo. Chakula husimamishwa saa kumi hadi kumi na mbili, na vituo vingi humpa mgonjwa lita mbili za dawa ya kusafisha utumbo. Baada ya kumeza kapsuli, vinywaji visivyo na rangi huruhusiwa baada ya saa mbili na chakula chepesi baada ya saa nne. Hakuna dawa ya usingizi. Mgonjwa anaweza kutembea na hata kufanya kazi isiyo nzito, kisha anarudisha kinasa. Dawa za kuzuia damu kuganda kwa kawaida haziachwi, na kwa mantiki ya uchunguzi huenda ikawa afadhali asiziache, kwa kuwa tunataka kuona kinachovuja akiwa anazitumia.

Asiyeweza kumeza vizuri, au ambaye tumbo lake halisukumi chakula, anaweza kuwekewa kapsuli moja kwa moja kwenye duodeni kwa bomba la endoskopi. Vinginevyo kapsuli inaweza kukaa tumboni hadi betri iishe, ikirudi na picha za tumbo tu.

Enteroskopi ya puto ni shughuli ya hospitali. Huchukua saa moja hadi mbili, chini ya dawa nzito ya usingizi au nusukaputi kamili. Njia ya mdomo huhitaji kufunga tu, njia ya haja kubwa huhitaji kusafishwa kama kwa kolonoskopi. Dawa za kuzuia damu kuganda lazima zizungumzwe mapema na daktari aliyeziandika, hasa kama kuna kuchoma au kukata, na mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye mzio wa mpira wa lateksi aseme, kwa kuwa baadhi ya maputo hutengenezwa kwa lateksi. Pia kifaa hiki na mikono iliyokizoea hupatikana katika vituo vichache kuliko kapsuli, na matokeo yake yanategemea sana mikono hiyo.

Kinachoweza kwenda kombo

Hatari mahususi ya kapsuli ni kukwama. Ikikaa mwilini wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa imekwama. Kwa wanaochunguzwa kwa sababu ya damu hutokea kwa mmoja au wawili kati ya mia. Kwa wenye ugonjwa wa Kroni unaojulikana ni zaidi, kwa kuwa ugonjwa huo hubana njia. Walio kwenye hatari wana dalili ambazo ukiuliza utazisikia: maumivu ya tumbo ya kubana saa moja au mbili baada ya kula, kuvimba, kutapika, historia ya mionzi tumboni au upasuaji wa utumbo, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinaweza kuacha pete nyembamba za kovu zinazoziba njia. Kwa watu hawa hutangulizwa kapsuli ya majaribio isiyo na kamera, inayoyeyuka. Kama baada ya saa 30 hivi bado iko ndani ya utumbo mwembamba ikiwa nzima, kapsuli halisi haimezwi.

Kapsuli iliyokwama mara nyingi haimuumizi mtu papo hapo. Wengi hawajui kama imekwama. Dalili ya kuikumbuka ni kwamba haikuonekana kwenye kinyesi na picha za mwisho hazikufika utumbo mpana. Hapo hupigwa eksirei ya tumbo baada ya wiki mbili. Hadi ithibitike imetoka, mgonjwa hapaswi kuingia kwenye mashine ya MRI. Na kuna kejeli moja: kapsuli hukwama pale penye ugonjwa wenyewe, kwa hiyo bomba la puto linaloifuata huitoa na kukutana na kilichokuwa kinatafutwa.

Hatari za enteroskopi ya puto ni chache kwa idadi lakini ni nzito zaidi zikitokea. Kwa uchunguzi tu, matatizo makubwa hutokea kwa kama mmoja kati ya mia. Kukiwa na matibabu kama kukata polipu kubwa, huongezeka mara kadhaa. Kongosho huweza kuvimba baada ya njia ya mdomo, kwa watu wachache kati ya elfu. Utumbo unaweza kutoboka, hasa kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji na kubaki na mishikamano, yaani makovu yanayogandisha utumbo, au mwenye uvimbe uliolegeza ukuta. Kuna pia hatari za usingizi wenyewe, ambazo kwa mzee mwenye moyo na mapafu dhaifu si za kupuuzwa.

Kujaa gesi na koo kuuma siku ya kwanza ni kawaida. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni na kutapika ndani ya siku moja ni dalili za kongosho. Tumbo kuwa gumu, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni dalili za kutoboka. Kwa haya hakuna kusubiri asubuhi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme kuna mzee wa miaka 68. Valvu ya moyo wake wa kushoto, ile ya kwenye mshipa mkuu wa aota, imebana. Amekuwa na kinyesi cheusi kwa siku mbili, hemoglobini ni 7.4, ameongezewa damu. Endoskopi mbili ni safi na zilifanyika vizuri. Hana maumivu baada ya kula, hajawahi kupasuliwa tumbo.

Ukiangalia vigezo, kapsuli inafaa kuanza. Hakuna dalili ya njia kubana, damu imetoka karibuni, na usingizi mzito kwa mtu mwenye valvu ya namna hii ungependa uutumie mara moja tu, tena ukiwa na lengo. Anaimeza siku ya tatu.

Ripoti inasoma hivi: kapsuli iliingia duodeni dakika ya 41 tangu kumezwa, na ilifika utumbo mpana baada ya saa 5 na dakika 21. Safari ya utumbo mwembamba ni dakika 280. Saa 2 na dakika 25 tangu kumezwa, kuna anjioektasia tatu, mojawapo ikiwa na damu mbichi. Toa dakika 41 kwenye muda huo unabaki na dakika 104, yaani asilimia 37 ya safari.

Asilimia hiyo ndiyo inayochagua mlango wa bomba. Kitu kikionekana katika asilimia 60 za mwanzo za safari, huingiwa kwa mdomo. Wataalamu wengine husogeza mpaka huo hadi asilimia 75. Kikiwa mbele zaidi, huingiwa kwa njia ya haja kubwa. Lakini muda si umbali. Kapsuli inaweza kuzubaa kwenye kona moja kwa nusu saa kisha ikakimbia mita nzima kwa dakika chache, kwa hiyo asilimia iliyo karibu na mpaka isichukuliwe kama ramani. Kwa mzee wetu, 37 haina utata. Ni mdomo.

Ripoti pia hutaja daraja la kila alama: P0 ni ya kupuuzwa, P1 ina shaka, kama doa jekundu dogo, na P2 ina uwezekano mkubwa wa kuwa chanzo. Anjioektasia hizi ni P2. Nataja hili kwa sababu wagonjwa husoma “doa jekundu limeonekana” na kudai bomba. Alama ya P1 peke yake kwa mtu ambaye damu yake imetulia ni sababu dhaifu ya kumlaza mtu mezani.

Bomba linaingia siku ya tano. Mita moja na nusu hivi kutoka mwanzo wa utumbo, daktari anakuta anjioektasia nne, si tatu. Ya nne ilikuwa nyuma ya mkunjo. Zote zinachomwa, wino unadungwa alipoishia, mgonjwa anarudi nyumbani na mpango wa kupewa madini ya chuma kupitia mshipa.

Hadithi haiishii hapo. Kwa anjioektasia za utumbo mwembamba, takriban mmoja kati ya watatu hutokwa na damu tena baada ya kuchomwa, kwa kuwa mpya hujitokeza. Mwenye valvu ya aota iliyobana yuko kwenye kundi linalorudiarudia, sawa na mwenye figo zilizoshindwa. Kwake yeye, mazungumzo na daktari wa moyo kuhusu kurekebisha valvu yanaweza kupunguza damu kuliko safari ya tatu ya bomba. Wengine husaidiwa na sindano za oktreotaidi. Wapo ambao jibu la busara ni kufuatilia hemoglobini na kuongeza chuma, bila bomba jingine.

Kapsuli ikirudi safi

Hapa ndipo watu wengi hukwama kweli. Kama hemoglobini imetulia na hakuna damu inayoonekana, kusubiri huku akijazwa chuma ni uamuzi halali. Damu ikirudi, kurudia kapsuli haraka kunaweza kuonyesha kilichokosekana mwanzo. Kama mgonjwa ni mdogo, anapungua uzito au ana maumivu, afadhali CT maalumu ya utumbo mwembamba ifuate mapema, kwa sababu inaona ukuta na nje yake, mahali ambapo kamera haifiki. Kwa kijana, divertikula ya Mekeli, ule mfuko mdogo wa kuzaliwa karibu na mwisho wa ileamu, uwe kwenye orodha. Bomba la puto kupitia njia ya haja kubwa linaweza kuufikia.

Kwa hali yako

Damu haionekani kwa macho, ila chuma na hemoglobini vinashuka kila mara, na endoskopi mbili ni safi: kapsuli. Kama hakuna dalili za njia kubana, sababu ya kuanza na bomba karibu haipo.

Kinyesi cheusi au chekundu sasa hivi, mgonjwa ametulia kwa mapigo na shinikizo: kapsuli ndani ya saa 48, na bomba liwe limeandaliwa nyuma yake. Kama hapo ulipo kapsuli itapatikana baada ya wiki tatu lakini bomba lipo kesho, nenda na bomba.

Damu nyingi, shinikizo linashuka licha ya kuongezewa: hivi vyote viwili si vya kwanza. CT ya mishipa ya damu, na kuzibwa kwa mshipa unaovuja kupitia katheta, hutangulia. Kapsuli inayochukua saa nane haina nafasi hapo.

CT imeshaonyesha uvimbe au polipu mahali fulani: bomba moja kwa moja, kwa ajili ya kipande cha maabara na wino. Kapsuli itakuambia unachokijua tayari na inaweza kukwama.

Tumbo linabana baada ya kula, kuna ugonjwa wa Kroni, au mionzi ya zamani: CT au MRI ya utumbo kwanza, au kapsuli ya majaribio. Kisha bomba, kama picha zinaonyesha pa kufika.

Upasuaji uliobadilisha njia ya chakula, kama tumbo lililounganishwa upya na utumbo: kuna sehemu iliyotengwa ambayo kapsuli haitapita. Bomba la puto linaweza kupanda humo, ingawa mishikamano huongeza hatari, kwa hiyo aifanye aliyezoea njia hizo.

Mzee dhaifu ambaye hawezi kubeba usingizi mzito: kapsuli inaweza kufanyika, lakini kabla ya kuimeza ulizana na daktari kama majibu yake yatabadilisha chochote. Ikiwa bomba halitawezekana kwa vyovyote, huenda chuma kupitia mshipa na kupitia upya dawa anazotumia, hasa za maumivu na za kuzuia damu kuganda, vikawa na faida kuliko picha 50,000.